Nesi Marahaba

Kijijini, nje ya Iguguno, Singida
14 Novemba 2023

Kwa Shangazi yangu Mwanakombo,

Asalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima hapo Pangani, wewe na paka wako na hizo kofia unazodarizi. Mimi sijambo. Simu umeshasema huisikii tena, na ujumbe mfupi unauita makombo ya maneno, kwa hiyo naandika. Dereva wa basi ameniahidi barua itafika Tanga, na kutoka hapo mtu wa Pangani hakosekani.

Nimepangiwa zahanati ya kijiji. Vyumba vinne, bati jipya, na mashamba ambayo watu wanayasafisha wakisubiri mvua ili wapande alizeti. Nesi ni mimi peke yangu. Nina mhudumu mmoja, Peniel, mama wa miaka arobaini na tano anayejua kila mtu na mbuzi wa kila mtu. Maji yana chumvi kidogo, ila baridi ya asubuhi ungeipenda.

Sasa nikwambie kilichonipata, maana kama sikukwambia wewe nitamwambia nani.

Siku ya kwanza ya kliniki mabenchi yalijaa. Akaingia bibi mmoja mrefu, amefunga kitenge kwa nguvu kama anakwenda vitani, na nyuma yake mjukuu wake mjamzito anaitwa Dina. Huyo bibi ni Elizabeti, na wanawake wote wakasogea kumpisha. Sikujua kuwa ndiye mkunga wa jadi wa hapa, aliyezalisha nusu ya hao waliokaa. Mimi nilikuwa mezani na kadi. Nikainua uso, nikatabasamu, nikamsalimia kama ulivyonifundisha kumsalimia mtu yeyote wa heshima: "Hujambo, bibi?"

Benchi lote likageuka kututazama. Bibi akanitazama, akasema taratibu, "Sijambo. Shikamoo."

Na mdomo wangu, Shangazi, mdomo wangu huu, ukajibu: "Marahaba."

Sijui ulitoka wapi. Hapana, najua. Chuoni, wakati wa mazoezi wodini, wazee walikuwa wanatuamkia sisi wasichana wa sare nyeupe, "shikamoo nesi", na sisi tulijibu marahaba huku tunaandika kwenye faili. Ulimi ukazoea. Lakini hapa ilikuwa wazi hata kwa mtoto aliyekuwa ananyonya kwamba nimepokea shikamoo ya mtu mwenye umri wa kunizaa mara mbili. Nilimpima Dina presha, ikawa juu kidogo kuliko ninavyopenda kwa mimba ya miezi minne, nikamwambia arudi baada ya wiki mbili. Bibi alimshika mkono wakatoka bila kuaga.

Tangu siku hiyo jina langu ni Nesi Marahaba. Watoto wanalisema nikipita njiani. Sikosi usingizi kwa hilo, ila wanawake wamepungua.

Nisalimie jirani zako wote.

Mwanao,
Amne


Pangani
9 Desemba 2023

Kwa mwanangu mpenzi Amne,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, mie huku sijambo, sina neno. Paka kazaa watoto watatu juu ya kofia ya mtu aliyekwisha kulipia. Bi jirani kavunjika mguu, sasa amepona na mdomo wake umepona zaidi. Barua yako imekaa siku kumi na moja Tanga kwa sababu dereva wako aliisahau kwenye koti.

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Shikamoo wamekupa wenyewe, ukaipokea. Sasa kosa liko wapi? Mtu akikuletea sahani, unairudisha?

Nisikilize vizuri. Nimekulea tangu mama yako alipofariki ukiwa na miaka minne, na katika nyumba hii hukusikia neno hilo. Ulilisema shuleni kwa sababu walimu wanaliimbisha, nikakuachia. Najua majirani zangu hapa wanaamkiana asubuhi hadi jioni, na watoto wa mtaa mzima wananiamkia mie. Nawajibu "Alaykum salaam", wamekwisha kunizoea. Asubuhi ni sabalkheri, na anayejibu hujibu sabalkheri hiyo hiyo. Jioni masalkheri, vivyo hivyo. U hali gani, njema. Mkubwa akikupa mkono unaubusu ukitaka, hakuna anayekulazimisha. Na salaam ndiyo kubwa kuliko zote, maana inakwenda sawasawa: huyu anakuombea amani, wewe unamrudishia amani, hakuna aliye juu wala aliye chini. Hiyo yao mmoja anasema nashika mguu wako, na mwenzake anakubali kushikwa. Mie hainipiti kooni.

Hao watu wa bara wana Kiswahili cha kuazima na wanataka kutufundisha sisi adabu yake! Mwambie huyo Elizabeti wako kwamba hujambo ni salamu kamili, ina heshima zake, na Pwani imesemwa kabla bibi yake hajazaliwa.

Usimpigie mtu goti. Ulisomea kazi, fanya kazi. Watakuzoea.

Shangazi yako,
Mwanakombo

Usiniulize kwa nini mistari inapanda. Meza imepinda.


Kijijini
6 Januari 2024

Shangazi mpenzi,

Asalaam alaykum. Habari za paka na watoto wake? Mimi mzima. Mvua zimeanza, alizeti zimetoka ardhini, na barabara ya kwenda Iguguno imekuwa tope la kuvua viatu.

Nimesoma barua yako mara tatu, nikamsomea Peniel ile sehemu ya Kiswahili cha kuazima. Alicheka, halafu hakucheka. Akaniambia: "Nesi, Kiswahili kweli tumekikuta shuleni, nyumbani tunaongea Kinyiramba. Lakini salamu hatujaazima. Salamu tulikuwa nayo, tumeivisha tu nguo ya Kiswahili."

Kisha akanikalisha kwenye benchi la kliniki, lililo tupu, akanifundisha. Nakuandikia ili ujue ninachokijua.

Hapa hujambo inashuka. Mkubwa anamwambia mdogo baada ya kupokea shikamoo yake: "Marahaba, hujambo?" na mdogo anajibu "Sijambo." Kwa hiyo nilipomwambia Bibi Elizabeti "Hujambo, bibi?" nilikuwa nimejipandisha juu yake mbele ya watu, nikamsalimia kama mtoto aliyetumwa chumvi. Sikumpa heshima ya Pwani, Shangazi. Hakuisikia heshima hiyo. Alisikia tusi, na benchi zima likasikia tusi.

Wa rika lako unamwambia "Za asubuhi?" au "Mambo?", anakujibu "Nzuri" au "Poa". Aliyekuzidi umri hata kwa dalili tu, shikamoo. Ukikuta wazee watano wamekaa, usirushe shikamooni moja ukapita, unakwenda kwa mmoja mmoja, unaanza na mkubwa. Anayepita ndiye anayeanza kumsalimia aliyekaa. Mwanamke anapinda magoti kidogo, na mkono wa kushoto unaushika wa kulia ukiutoa. Shikamoo ni mara moja kwa siku. Ukikutana naye tena mchana unasema "Za tangu asubuhi?" Na baada ya marahaba hujamaliza, umeanza tu: za nyumbani, za watoto, za mifugo, za shamba. Zote unajibu nzuri. Ukiingiza shida yako kabla ya hapo, umekuja kuiba.

Waislamu wapo hapa pia. Tunapeana salaam, halafu mdogo anaamkia palepale. Mzee mmoja wa msikitini nilipoishia kwenye salaam alibaki amesimama ananitazama, anasubiri iliyobaki.

Sasa neno lenyewe. Dina hajarudi. Nilimwambia wiki mbili, sasa ni miezi miwili. Mama yake Dina alifariki akijifungua, na mimi niliona presha yake kwa macho yangu. Bibi Elizabeti amesema mjukuu wake hatakanyaga zahanati ya mtoto anayeamkiwa. Wanawake wengine wanamfuata yeye. Wiki iliyopita nilikuwa na wagonjwa watatu, mmoja alikuwa anauliza njia.

Nitakwenda kwa yule bibi kumwamkia. Nitapinda magoti. Sikuombi ruhusa, Shangazi, nakuarifu. Watakuzoea, umeandika. Dina hana muda wa wao kunizoea.

Amne


Pangani
2 Februari 2024

Amne,

Asalaam alaykum. Mie sijambo.

Kwani nimekulea miaka ishirini na mbili ili ukapige goti kwenye vumbi la Singida? Wala hunijui. Unadhani ni maringo ya watu wa Pwani. Umeandika orodha ndefu ya adabu zao, hukuandika mstari mmoja kuniuliza kwa nini.

Ukipiga goti, usiniandikie.

Mwanakombo


Kijijini
3 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo.

Nimeandika. Umeniambia nisiandike nikipiga goti, na nimelipiga asubuhi kumi na tisa, kwa hiyo hii ndiyo barua ya kutokutii. Ichane ukipenda, ila isome kwanza. Ramadhani inaisha na sijawahi kumaliza Ramadhani nimenuniana na wewe.

Asubuhi ya kwanza nilikwenda na Peniel. Bibi Elizabeti alikuwa anapeta mtama uani. Nikapiga hodi, nikapinda magoti, nikatoa mikono miwili: "Shikamoo, bibi." Akaendelea kupeta. Nikabaki hapo mpaka mapaja yanatetemeka. Akasema kitu kwa Kinyiramba, wajukuu wakacheka, tukaondoka. Peniel alikataa kunitafsiria, na mpaka leo anakataa.

Kesho yake nilikwenda peke yangu. Hivyo hivyo. Na kesho kutwa. Nilikuwa na hasira, Shangazi, usifikiri nilikwenda kwa unyenyekevu. Kila asubuhi nilijiambia huyu bibi atachoka kabla yangu, maana mimi nimelelewa na Mwanakombo. Siku ya tano aliacha ungo. Hakusema marahaba. Alisema tu, "Hujambo?" Nikajibu "Sijambo" kama mtoto, maana ndiyo nafasi aliyonipa. Siku ya nane ndipo alipoitoa: "Marahaba, hujambo?" Kisha tukaanza. Za kwako, nzuri. Za kazi, nzuri. Za mbuzi, nzuri. Za kwenu Pwani?

Nikasema nzuri. Nilikuwa sijapata barua yako tangu ile ya mistari michache.

Akaniuliza, "Kwa nini ulinijibu marahaba?" Nikamwambia ukweli, kwamba nimelelewa bila shikamoo na wodini nikazoeshwa kuipokea. Nilitegemea anifukuze. Akasema:

"Nimewaamkia wasichana wa nguo nyeupe maisha yangu yote. Siku mama yake Dina anakufa nilisema shikamoo nesi, shikamoo nesi, chumba hiki na chumba kile. Wakaniitikia marahaba wanatazama daftari. Hakuna aliyeinua kichwa. Wewe uliinua kichwa, nikasema ngoja nikupime. Nikakurushia. Ukaidaka kama wao."

Alinipa uji, nikamwambia nimefunga, akaninyang'anya kikombe na kuniambia niende kazini.

Nikaendelea kwenda kila asubuhi, sasa kwa sababu nilitaka. Dina alikuwa bado hataki kuja, au bibi hataki, sikuruhusiwa kuuliza. Ndipo ikaja Alhamisi ya tarehe ishirini na moja. Nikaamkia, nikaitikiwa. Za nyumbani? Nzuri. Za watoto? Na bibi akajibu, kwa sauti ileile ya nzuri zote: "Nzuri tu, ila Dina kichwa kinamuuma kidogo."

Peniel alikuwa amenifundisha. Hapa hata mtu akifiwa anaanza na nzuri, halafu inakuja ila. Nzuri ni ya salamu. Ila ndiyo habari. Lakini huwezi kuipata hiyo ila kama hukukaa mpaka zamu yake ifike.

Nikauliza: na macho? "Anasema anaona vimulimuli mchana." Nikaomba kuingia. Uso wa Dina umevimba, vidole vimevimba. Nilimpima palepale kitandani, na presha niliyoiona sitaisahau. Nikamgeukia bibi, sikupinda goti, sikusema tafadhali. Nikasema, "Bibi, huyu anakwenda sasa hivi." Naye hakuuliza swali hata moja. Alimbeba mjukuu wake upande mmoja, mimi upande wa pili. Zahanati nikamchoma sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, gari la wagonjwa likaja, tukaenda naye mpaka hospitali mjini Singida. Wakamfanyia upasuaji mchana. Mtoto wa kike, kilo mbili na kidogo. Wote wako hai.

Nilipokuwa nimekaa kwenye benchi la pale hospitali, nesi mmoja mdogo alipita, na Bibi Elizabeti akafungua mdomo kwa mazoea. Nikamshika mkono. Nikasimama mimi, nikamwambia yule nesi, "Mwamkie bibi yangu." Akashangaa, akatazama sare yangu, akaamkia. Na bibi akamwambia marahaba, mwanangu, ndefu mpaka mlangoni.

Kwa hiyo nimepiga goti, Shangazi, na sijutii. Umesema sikukuuliza kwa nini. Nakuuliza sasa.

Amne


Pangani
11 Mei 2024

Kwa mwanangu Amne,

Waalaykum salaam. Idi ilipita, nilipika biriani nikala na paka. Mie sijambo. Barua yako nimekaa nayo muda mrefu. Niliichana nusu, kisha nikaiunganisha kwa gundi, kwa hiyo ukurasa wa pili nimeusoma kwa kubahatisha.

Umeuliza. Haya.

Bibi yangu, mama wa mama yangu, nilimkuta nikiwa msichana mdogo. Alikuwa kipofu, anakaa jikoni, hataki kukaa barazani hata siku ya sherehe. Jina lake Mtumwa. Wapo watu wa hapa waliopewa jina hilo kwa mapenzi au kwa tambiko, mtoto asife. Yeye alipewa kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Aliletwa Pangani mtoto, kwenye shamba la minazi la bwana mmoja, na ukoo wake sisi hatuujui hata leo. Huenda ni watu wa bara. Huenda ni hao hao wa kwako, nani ajuaye. Nimewadharau watu wa bara maisha yangu yote na huenda nina damu yao.

Aliwaamkia watoto wa bwana. Sikiliza, Amne. Mwanamke mzima, mwenye watoto, anamwinamia mtoto wa miaka mitatu: nashika moo, mguu wako. Na yule mtoto amefundishwa asijibu, maana kumjibu mtumwa ni kumpa cheo. Aliniambia kilichomuuma si kuinama. Ni ile kubaki ameinama, anasubiri marahaba isiyokuja, mpaka mtoto achoke na kwenda kucheza.

Mama yangu aliapa neno hilo halitaingia nyumbani kwake, kwenda wala kurudi. Nami nikaapa. Ndiyo maana siliitikii hata nikipewa na watoto wa mtaa. Sitaki kushikwa mguu na mtu. Watu wa hapa wanadhani ninajifanya muungwana kuliko wao, na nimewaacha wadhani, maana nilipendelea waniite mwenye maringo kuliko kuulizwa bibi yangu alikuwa nani. Hata wewe nilikuficha.

Hayo ndiyo. Usidhani nimelainika. Ile shikamoo uliyoniandikia juu ya barua ilinichoma, na ulijua itanichoma.

Lakini nimeisoma ile habari ya asubuhi kumi na tisa. Nimeisoma ile ya siku nne za mwanzo, huyo bibi yako anapeta mtama na wewe umeinama unasubiri. Nikasema huyu mwanamke ni bwana mwingine. Kisha nikasoma alivyowaamkia wasichana wodini, nikaona kumbe alikuwa upande wetu siku zote. Sasa sijui nimchukie vipi. Umeniharibia.

Vipi Dina? Mtoto ananyonya?

Mwanakombo


Kijijini
23 Juni 2024

Shangazi yangu,

Asalaam alaykum. Idi mubarak, nimechelewa. Dina hajambo, mtoto ananyonya mpaka anasinzia na chuchu mdomoni. Alizeti zimevunwa, kila ua una magunia, na kijiji kizima kinanuka mafuta ya mashine ya kukamulia.

Niliisoma barua yako nikiwa nimekaa chini, nikalia, halafu nikakasirika. Miaka ishirini na mbili, Shangazi! Ningekuwa najua, nisingekuandikia neno lile kwa hasira. Nalichukua. Kwako sitalitamka tena, na hiyo si adabu ya Pwani wala ya bara, ni ya nyumba yetu. Hapa nitaendelea kuamkia wakubwa, maana hapa shikamoo inapanda kwa mzee na marahaba inashuka haraka, na mtu habaki ameinama. Akibaki, ujue kuna ugomvi.

Na zahanati nimeweka sheria. Mtu mzima haamkii sare. Akiingia aliyenizidi umri nasimama mimi, nakwenda kwake, naanza mimi. Mkaguzi mmoja alikuja mwezi uliopita, akaniona nimepinda magoti mbele ya mgonjwa, akaniambia ninaishusha taaluma. Nikamwambia wajawazito thelathini na mmoja wamehudhuria mwezi huu, Januari walikuwa tisa. Akasema ataandika kwenye ripoti yake. Nikamwambia aandike na umri wa yule mgonjwa. Jina langu bado ni Nesi Marahaba, ila siku hizi wanalisema wakiniletea mayai.

Bibi Elizabeti nimemsomea barua yako. Nisamehe, au usinisamehe. Aliniambia nirudie pale pa mtoto asiyejibu. Akapeta ungo mzima. Kisha akauliza una miaka mingapi. Nikasema sabini na mbili. Akasema, "Mimi sabini na nne. Basi hapa kwetu yeye ndiye angeniamkia." Nikaanza kukutetea, akaninyamazisha kwa ungo.

"Mwambie asiniamkie. Na mimi simwamkii. Mwambie Elizabeti wa Iguguno anauliza tu: habari za Pangani?"

Nilimwambia hiyo ni salamu ya marika. Akasema anajua ni salamu ya nani, ameanza kusalimia kabla mimi sijazaliwa.

Kwa hiyo umesalimiwa, na hapa salamu hailali bila jibu. Bibi ananiuliza kila asubuhi kama limekuja.

Na mimi nina swali langu. Tangu Desemba mistari yako inapanda. Ile ya Mei ilipanda mpaka ikatoka nje ya karatasi, na sentensi mbili umeziandika moja juu ya nyingine. Meza gani inapinda kila mwezi?

Amne


Pangani
20 Julai 2024

Kwa mwanangu Amne,

Waalaykum salaam. Barua hii inaandikwa na Mwanaidi, binti wa Bi jirani, na nimemwonya aandike ninachosema mimi, asiongeze na asirembe. Barua yako pia amenisomea yeye, amelia, mtoto wa watu.

Mpe Elizabeti jibu lake kama nilivyo nalo. Mwambie Mwanakombo wa Pangani anasema: nzuri.

Paka nzuri. Jirani nzuri. Nyumba nzuri, bati halivuji.

Nzuri tu, ila sioni.

Nimekuandikia "mie sijambo" barua tatu mfululizo na ulikuwa uongo barua zote tatu. Jicho la kushoto lilikwenda mwaka jana, la kulia limefuata tangu Mei. Kofia nimeacha kudarizi, ile ya mwisho nilishona ua juu ya kidole changu. Sikumwambia mtu, maana bibi yangu alikaa jikoni kipofu na watu wakampita, na mie nimeapa sitakaa jikoni. Nakaa barazani. Kila asubuhi nakaa barazani, kiti mbele kabisa, na anayepita anisalimie asinisalimie, atanikuta pale.

Daktari anasema lile la kulia huenda likapasuliwa. Nimesema nitafikiri. Unajua njia ya kufika huku kama ukitaka kuja kunigombeza.

Ile shikamoo yako ya Aprili nimekuwa nayo mezani miezi mitatu. Umesema unaichukua. Usiichukue, iache. Sitaijibu mpaka nife, lakini ni ya mkono wako, na kilichotoka mkononi mwako sikitupi.

Ukija, usije na huruma. Simama mlangoni, piga hodi kwa nguvu maana sisikii, na utaje jina lako maana sioni. Uking'ang'ania kupinda hayo magoti uliyojifunza, pinda, sitayaona. Kisha inuka mwenyewe, mara moja. Usisubiri.

Shangazi yako,
Mwanakombo